Kuandika Upya Barua ya Udhamini: Kombe la Vijana na Muuza Vifaa vya Ujenzi

Barua ya kuomba udhamini ni pendekezo la biashara. Kampuni inatoa fedha, vifaa au huduma, na kikundi kinachoandaa shughuli kinaipa nafasi ya kuonekana mbele ya watu fulani, mahali fulani, kwa siku zinazojulikana. Hapo ndipo udhamini unapoachana na mchango. Anayechangia msiba au ujenzi wa zahanati hasubiri kurudishiwa kitu. Mdhamini anasubiri, na ana haki ya kuuliza atapata nini na atajuaje kwamba amekipata. Ligi Kuu ya Tanzania Bara inaitwa Ligi Kuu ya NBC kwa sababu benki hiyo inalipia haki ya jina. Kombe la vijana wa kata linafuata kanuni ileile, kwa kiasi kidogo zaidi.

Tofauti hiyo inaonekana pia kwenye vitabu vya hesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kampuni kuondoa, kabla ya kukokotoa kodi, matumizi yaliyofanyika kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara, na gharama ya matangazo ni mojawapo. Mchango wa hisani nao unatambuliwa, ila uende kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, tena kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kikundi cha vijana kilichosajiliwa halmashauri tu kwa kawaida hakina hadhi ya taasisi ya hisani mbele ya mamlaka ya kodi. Mhasibu anayepokea barua inayosema "tunaomba msaada" hana pa kuiweka. Akipokea barua inayotaja jezi 128 zenye nembo ya kampuni na mabango mawili uwanjani, anaiweka kwenye fungu la matangazo, mradi ipate risiti.

Barua inayofanyiwa kazi hapa ni ya mfano. Kikundi ni cha vijana 34 wa Kata ya Kihonda, Manispaa ya Morogoro, wanaotaka kuandaa mashindano ya soka ya vijana wa chini ya miaka 17. Kampuni inayoandikiwa inauza vifaa vya ujenzi katika mji huohuo: mabati, saruji, rangi, mabomba. Bei zote ni za kielelezo, na kikundi kingine kitaweka bei za mtaani kwake.

Barua ya kwanza

Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi na yenye adabu, kama zilivyo barua nyingi za aina hii:

"YAH: OMBI LA UDHAMINI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha vijana tunaojishughulisha na michezo na kupinga dawa za kulevya. Tunatarajia kufanya mashindano ya mpira wa miguu hivi karibuni yenye lengo la kuibua vipaji na kuwaepusha vijana na makundi mabaya. Hivyo tunaiomba kampuni yako itudhamini kiasi cha Sh 5,000,000 au chochote utakachojaliwa. Kampuni yako itatangazwa sana na itapata faida nyingi. Ni matumaini yetu kwamba ombi letu litapokelewa. Wako katika ujenzi wa taifa."

Lugha ya barua hii haina kosa, lakini msomaji wake hawezi kuamua lolote. "Hivi karibuni" haimwambii kama ana wiki mbili au miezi mitatu. Milioni tano hazina maelezo, kwa hiyo zinasomeka kama tarakimu iliyookotwa. "Itatangazwa sana" haisemi wapi, kwa njia gani, wala mbele ya nani. Lengo la kuwaepusha vijana na makundi mabaya ni jema, ila meneja amelisoma kwenye kila barua iliyofika mezani kwake mwaka huo.

Maneno yaliyoiumiza barua zaidi ni "au chochote utakachojaliwa". Yamewekwa kwa unyenyekevu, lakini yanabadilisha ombi zima. Kiasi kinachohitaji idhini ya mkurugenzi kinageuka kuwa kitu kinachoweza kumalizwa kwa noti chache za fedha ndogondogo za ofisi. Meneja anatoa Sh 50,000, anashukuru kwa kukumbukwa, na faili linafungwa. Kikundi kimepata chini ya bei ya mipira miwili, na kampuni haitafikiwa tena mwaka huo kwa sababu "tayari imeshatoa".

Kampuni za mjini za ukubwa huu mara nyingi hazina idara ya masoko. Barua inapokelewa na katibu au mtu wa kaunta, inafika kwa mhasibu, kisha kwa mwenye mali. Mwenye mali anataka kujua nani ataliona jina lake. Mhasibu anataka kujua fedha itaonekana imekwenda wapi. Wote wawili wanataka uhakika kwamba shughuli yenyewe itafanyika. Barua iliyoandikwa upya inajengwa juu ya mambo hayo matatu.

Ratiba inatangulia

Kazi ya kuandika upya haianzi na barua. Inaanza na ratiba, kwa sababu idadi ya mechi na siku ndiyo inayozaa bajeti na ahadi kwa mdhamini pia.

Timu zitakuwa 8, katika makundi mawili ya timu nne nne. Kila kundi linacheza mechi 6, kwa hiyo hatua ya makundi ina mechi 12. Zikiongezwa nusu fainali mbili na fainali, jumla ni mechi 15. Uwanja unapatikana mwisho wa wiki tu. Mechi mbili kwa siku zinamaliza makundi kwa wiki tatu, nusu fainali zinachezwa Jumamosi ya wiki ya nne, na fainali Jumapili inayofuata. Mashindano yanachukua siku 8, kuanzia tarehe 6 hadi 28 Juni, masika yakiwa yamekwisha na uwanja umekauka.

Watazamaji ni namba ngumu zaidi, na ndiyo inayodanganywa mara nyingi. Kuandika "maelfu ya watu" kwa uwanja wa kata kunamfanya msomaji aitilie shaka hata namba iliyo sahihi. Njia ya kuaminika ni kuhesabu. Wanachama watatu wanagawana pande za uwanja kwenye mechi za kawaida za mtaani, kila mmoja anahesabu upande wake wakati wa mapumziko, na zoezi linarudiwa Jumapili kadhaa. Katika mfano huu hesabu ilitoa watu kati ya 250 na 400 kwa siku. Namba hiyo ni ndogo, lakini barua inaweza kusema ilivyopatikana, na mwenye duka anaweza kwenda kujionea mwenyewe Jumapili yoyote.

Kuhesabu kunafundisha pia ni akina nani wanaokuja. Uwanjani Kihonda, katika mfano huu, jioni ya Jumapili imejaa mafundi ujenzi, mafundi rangi, waendesha bodaboda, na wazazi wanaojenga kidogo kidogo. Ndiyo sababu barua inakwenda kwa muuza vifaa vya ujenzi. Fundi ndiye anayemwandikia mteja orodha ya vitu vya kununua, na mara nyingi ndiye anayemwelekeza duka. Kampuni ya bima au ya mbegu isingekuwa na sababu nzito kiasi hicho ya kuwepo uwanjani hapo.

Mchanganuo wa bajeti

Bajeti inayoaminika inaonyesha hesabu iliyozaa kila kiasi. Kila mstari una kitu, idadi yake, bei ya kimoja, na jumla. Msomaji anapoona "waamuzi 450,000" anaweza kubisha. Anapoona mechi 15 mara waamuzi watatu mara Sh 10,000, anabaki na swali moja tu: kama Sh 10,000 ndiyo bei ya mwamuzi mtaani hapo.

| Kipengele | Hesabu | Kiasi (Sh) |
|---|---|---|
| Jezi zenye nembo | timu 8 × jezi 16 × 15,000 | 1,920,000 |
| Waamuzi | mechi 15 × watu 3 × 10,000 | 450,000 |
| Nyavu na chokaa | nyavu jozi 1 × 120,000. Chokaa mifuko 8 × 10,000 | 200,000 |
| Mabango | 2 × mita za mraba 3 × 12,000 | 72,000 |
| Zawadi na kombe | mshindi, wa pili, kombe | 400,000 |
| Huduma ya kwanza | begi 80,000. Mhudumu siku 8 × 20,000 | 240,000 |
| Maji | mechi 15 × katoni 3 × 5,000 | 225,000 |
| Mipira | 4 × 45,000 | 180,000 |
| Vipaza sauti | siku 3 × 60,000 | 180,000 |
| Uwanja | siku 8 × 20,000 | 160,000 |
| Dharura | karibu asilimia 5 | 195,000 |
| Jumla | | 4,222,000 |

Jumla imeshuka chini ya milioni tano za rasimu ya kwanza, na kushuka huko kunaisaidia barua. Milioni tano zilikuwa makisio. Sh 4,222,000 imetokana na bei zilizoulizwa. Kwa mistari mikubwa, hapa jezi na mabango, kikundi kinaambatisha profoma ya mchapaji ili mhasibu asilazimike kupiga simu kuhakiki.

Kampuni haiombwi jumla yote. Mistari minne ya kwanza ndiyo inayopelekwa kwake: jezi, waamuzi, nyavu na chokaa, na mabango. Jumla yake ni Sh 2,642,000. Kati ya hizo, Sh 200,000 ni nyavu na chokaa ambazo duka linaweza kutoa rafuni. Kwa duka, gharama ya vitu hivyo ni bei ya jumla waliyonunulia, wakati kikundi kingevinunua kwa bei ya rejareja. Ndiyo maana udhamini wa vitu unakubaliwa kirahisi kuliko udhamini wa fedha, na barua inapaswa kuutaja kwa jina la kitu na idadi yake.

Mistari saba iliyobaki, yenye Sh 1,580,000, ni mzigo wa kikundi, na barua inasema utabebwaje. Kila timu inalipa kiingilio cha Sh 70,000, ambacho kwa timu 8 ni Sh 560,000. Wanachama 34 wanachanga Sh 10,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, jumla Sh 1,020,000. Mdhamini anayeona kwamba waandaaji wenyewe wameweka zaidi ya theluthi moja ya gharama anajua mashindano hayatakufa kwa sababu ya kukosa mipira.

Mistari miwili huzua maswali. Wa kwanza ni dharura. Ukiwa asilimia 5 unaeleweka, lakini ukifika 20 unasomeka kama maficho. Wa pili ni posho na nauli za viongozi. Kama zipo, ziandikwe wazi na zilipwe kwa michango ya wanachama, kwa sababu mdhamini hapati tangazo lolote kwenye nauli ya katibu. Kuzificha ndani ya "mengineyo" ni hatari zaidi, maana neno hilo ndilo la kwanza kuzungushiwa duara na mhasibu.

Manufaa yanayohesabika

Ahadi kwa mdhamini zinaandikwa kwa utaratibu uleule wa bajeti: kitu gani, mara ngapi, wapi, kwa siku ngapi. Ahadi isiyoweza kuhesabiwa baada ya fainali inaondolewa.

Ya kwanza ni jina. Mashindano yataitwa kwa jina la kampuni kwenye mabango, kwenye ratiba iliyochapishwa na kwenye matangazo ya vipaza sauti. Haki hii inatolewa kwa kampuni moja tu, na thamani yake iko hapo.

Ya pili ni jezi. Nembo itachapishwa kifuani kwa upana wa sentimita 20 kwenye jezi zote 128. Mwenye kampuni anaweza kutamani timu zote zivae rangi ya duka lake, jambo lisilowezekana kwa sababu timu mbili zinazokutana lazima zitofautiane. Kikundi kinapendekeza nembo ya rangi moja, inayosomeka juu ya kitambaa cha rangi yoyote na yenye gharama ndogo ya kuchapa. Timu zinabaki na jezi baada ya mashindano, kwa hiyo tangazo linaendelea kutembea mtaani mwezi wa Julai na kuendelea bila malipo mengine.

Ya tatu ni mabango mawili ya mita 3 kwa 1, moja likiwa upande unaotazamana na watazamaji na jingine nyuma ya goli, kwa mechi zote 15. Hapa kuna tahadhari. Matangazo ya nje yanaweza kudai kibali na ada, na uwanja wenyewe una mwenyewe, iwe shule, kata au manispaa. Kikundi kinapata ruhusa ya mwenye uwanja kwa maandishi na kuulizia ada hiyo kabla ya kuahidi. Bango linaloshushwa siku ya ufunguzi kwa kukosa kibali ni ahadi iliyovunjwa mbele ya mteja.

Ya nne ni matangazo ya sauti. Vipaza sauti vinakodiwa kwa siku tatu tu: ufunguzi, nusu fainali na fainali. Siku hizo zina mechi 5, na kampuni itatajwa mara tatu katika kila mechi, jumla mara 15, kwa maneno iliyoyapitisha yenyewe. Rasimu ya kwanza ilisema "itatangazwa sana". Mara 15 zinaonekana chache, ila zinaweza kusimamiwa na mtu mmoja mwenye karatasi na kalamu.

Ya tano ni meza ya bidhaa katika siku hizohizo tatu. Kampuni inaleta sampuli za rangi na mabati, orodha ya bei, na kuponi za punguzo kwa mafundi. Kuponi zina muhuri wa mashindano, kwa hiyo zile zitakazorudi dukani zitamwonyesha mwenye mali kwa namba zake mwenyewe kama uwanja ulimletea wateja.

Ya sita ni upekee: hakuna muuza vifaa vya ujenzi mwingine atakayekubaliwa kama mdhamini. Ahadi hii haigharimu fedha, lakini inakifunga kikundi. Kama mwanachama mmoja ameshamwomba mshindani wa kampuni hii amtolee kombe, jambo hilo limalizwe kabla barua haijatoka.

Kuna vitu ambavyo barua inaviacha kwa makusudi. Kikundi hakiahidi kuonekana kwenye televisheni wala kupanda kwa mauzo, kwa sababu hakina mamlaka juu ya lolote kati ya hayo. Hakiahidi pia picha za wachezaji kwa matangazo ya kampuni. Wachezaji ni watoto kwa tafsiri ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na picha inayomtambulisha mtu iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama kampuni inataka picha za aina hiyo, wazazi wanatia saini fomu ya ridhaa kwanza. Picha za jumla za uwanja na mabango zinatosha kwa ripoti. Kwa sababu hiyohiyo ya umri, kikundi hakipeleki barua yake kwa wauza pombe, sigara au kampuni za kubeti.

Viwango vya udhamini na pale kampuni inapotoa pungufu

Badala ya "chochote utakachojaliwa", barua inatoa viwango vitatu. Cha kwanza ni udhamini mkuu wa Sh 2,642,000, wenye manufaa yote sita. Cha pili ni udhamini wa jezi na mabango, Sh 1,992,000, ambao una nembo, mabango na upekee lakini hauna haki ya jina wala meza ya bidhaa. Cha tatu ni udhamini wa vifaa: nyavu na chokaa, kwa malipo ya kutajwa kwenye vipaza sauti mara moja kila mechi. Viwango vinavyotofautiana kwa fedha tu, bila kupunguza manufaa, vinamfanya kila mtu achague cha chini.

Kikundi kinajiandaa pia kwa jibu la kati. Tuseme kampuni imechagua kiwango cha pili. Waamuzi, nyavu na chokaa vinabaki bila mlipaji, na pengo ni Sh 650,000. Hapo ratiba inarudi mezani. Mashindano yakichezwa kwa mtoano, timu 8 zinahitaji mechi 7 tu na siku 4. Gharama ya waamuzi inashuka hadi Sh 210,000, maji yanashuka kwa Sh 120,000, uwanja na mhudumu wa huduma ya kwanza wanashuka kwa Sh 80,000 kila kimoja, na chokaa inapungua kwa mifuko minne. Pengo linabaki Sh 90,000, kiasi kinachoweza kuombwa kwa wenye maduka madogo ya mtaani.

Lakini mabango sasa yatasimama kwa mechi 7, wala si 15. Kikundi kinachobadilisha ratiba bila kurekebisha orodha ya manufaa kinajikuta kimeahidi kisichokuwepo. Kwa hiyo barua ya makubaliano inaandikwa upya kwa namba mpya kabla ya fedha kupokelewa.

Barua iliyoandikwa upya

Baada ya kazi hiyo, mwili wa barua unaingia kwenye ukurasa mmoja, na majedwali yanakwenda kwenye viambatisho. Mpangilio wa barua rasmi hauguswi: anwani, kumbukumbu namba, tarehe, kichwa. Sentensi ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" inaondolewa, na nafasi yake inachukuliwa na ombi lenyewe.

"YAH: PENDEKEZO LA UDHAMINI MKUU WA KOMBE LA VIJANA KIHONDA, 6–28 JUNI, SH 2,642,000

Ndugu Mkurugenzi,

Tunaialika kampuni yako kuwa mdhamini mkuu wa mashindano ya soka ya vijana wa chini ya miaka 17 katika Kata ya Kihonda. Timu 8 zitacheza mechi 15 kwa siku 8. Kwa hesabu tuliyofanya uwanjani hapo siku za Jumapili, watazamaji ni kati ya 250 na 400 kwa siku, wengi wao wakiwa mafundi na wenye nyumba wanaoendelea kujenga.

Tunaomba Sh 2,442,000 taslimu kwa ajili ya jezi 128, waamuzi wa mechi zote na mabango mawili, pamoja na jozi moja ya nyavu na mifuko 8 ya chokaa kutoka dukani kwako vyenye thamani ya Sh 200,000. Gharama nyingine za Sh 1,580,000 zitalipwa na wanachama na timu shiriki. Mchanganuo wote uko Kiambatisho A.

Kampuni itapata jina la mashindano, nembo kifuani mwa jezi zote, mabango mawili kwa mechi zote 15, kutajwa mara 15 kwenye vipaza sauti, meza ya bidhaa kwa siku tatu, na upekee katika biashara ya vifaa vya ujenzi. Maelezo na viwango vingine viwili viko Kiambatisho B.

Tukikubaliana, fedha za jezi na mabango zinaweza kulipwa moja kwa moja kwa mchapaji kwa profoma iliyoambatishwa, na za waamuzi kwenye akaunti ya benki ya kikundi. Ili jezi ziwahi, tunaomba jibu ifikapo tarehe 8 Mei. Tutapiga simu wiki moja baada ya barua hii kufika, na tuko tayari kuja ofisini siku utakayopanga. Ndani ya siku 14 baada ya fainali tutakuletea ripoti yenye risiti na picha.

Wako,
Mwenyekiti na Mweka Hazina"

Kila kitu ambacho rasimu ya kwanza ilikiacha kwa msomaji kukisia sasa kina namba au tarehe. Malipo ya moja kwa moja kwa mchapaji yanaondoa hofu kubwa ya mwenye mali, kwamba fedha itapotelea mikononi mwa vijana asiowajua, na yanampa mhasibu risiti ya EFD yenye jina la kampuni yake. Saini mbili na akaunti yenye jina la kikundi zinafanya kazi hiyohiyo. Namba ya simu ya mtu binafsi ikitajwa kama mahali pa kutuma fedha, barua nzima inapoteza nguvu, hata kama mwenye simu ni mwaminifu.

Viambatisho vingine ni nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji wa Kata, ruhusa ya uwanja, na profoma. Barua inapelekwa kwa mkono ikiwa na nakala ya pili, ambayo mpokeaji anaigonga muhuri wa kupokea na tarehe. Nakala hiyo ndiyo inayotajwa simu ya ufuatiliaji inapopigwa. Muda nao una hesabu yake. Barua ikifika katikati ya Aprili na jibu likitoka tarehe 8 Mei, mchapaji anabaki na wiki nne kabla ya ufunguzi. Ikipelekwa mwisho wa Mei, hata kampuni iliyokubali haiwezi kupata jezi zenye nembo yake, na sababu kubwa ya kudhamini inakuwa imekwisha.

Makubaliano na ripoti

Kampuni ikikubali kwa simu, kikundi kinaandika makubaliano ya ukurasa mmoja yenye kiasi, tarehe za malipo, orodha ya manufaa na kitakachofanyika mashindano yakiahirishwa. Mhasibu anaulizwa mapema kama atakata kodi ya zuio kwenye fedha inayolipwa kikundi. Makato ya Sh 10,000 au 20,000 kwenye fungu la waamuzi ni madogo, lakini yakigunduliwa siku ya mechi hakuna wa kuyafidia.

Wakati wa mashindano, mwanachama mmoja anapewa kazi ya kukusanya ushahidi. Anapiga picha za mabango kila siku ya mechi, anaandika saa ya kila tangazo la sauti, anahesabu watazamaji wakati wa mapumziko, na kutunza risiti za kila mstari. Kazi hii haiwezi kufanywa baada ya fainali, maana bango likishashushwa halipigiki picha.

Ripoti inafuata safu za barua: kilichoahidiwa, kilichofanyika, na tofauti. Kama tangazo lilitajwa mara 13 badala ya 15 kwa sababu umeme ulikatika, linaandikwa hivyo. Kama bei ya waamuzi ilishuka na zikabaki Sh 30,000, ripoti inasema zimebaki na kuuliza zirudishwe au ziongezwe kwenye zawadi. Kuponi zilizorudi dukani anazihesabu mwenye mali mwenyewe. Ripoti hiyo, pamoja na nakala ya barua, ndiyo msingi wa pendekezo la mwaka unaofuata, ambalo halitahitaji tena kukisia watazamaji wala bei ya jezi.